Kupanga menyu kwa mauzo na faida: mwongozo kwa mgahawa wa chakula cha mchana

Mgahawa unaopika vyakula vinane kila mchana mara nyingi huwa na viwili au vitatu vinavyolipa kodi ya pango na mishahara, na vingine vinavyojaza meza bila kuacha fedha ya maana kwenye droo. Mwenye mgahawa huwa na hisia zake kuhusu jambo hilo, lakini hisia hizo hufuata chakula kinachotoka kwa wingi, na chakula kinachotoka kwa wingi si lazima kiwe ndicho kinacholeta fedha. Mwaka 1982 Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walitoa njia ya kulichunguza kwa maswali mawili: chakula hiki kinauzwa kiasi gani kikilinganishwa na vingine, na kila sahani yake inaacha shilingi ngapi baada ya kutoa gharama ya vitu vilivyoipika. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo katika mgahawa mmoja wa mfano jijini Dar es Salaam, unaouza chakula cha mchana Jumatatu hadi Jumamosi. Bei zote zilizotumika ni za mfano, na msomaji ataweka za kwake.

Hatua ya kwanza: pata gharama ya kweli ya sahani moja

Kazi yote iliyobaki inasimama juu ya hatua hii, na hapa ndipo wengi huharakisha. Kinachotafutwa ni faida ghafi ya sahani, yaani bei anayolipa mteja ukitoa gharama ya chakula kilichomo kwenye sahani hiyo. Mshahara, kodi ya pango na umeme haviingii hapa, kwa sababu vitalipwa vilevile hata mteja akichagua wali badala ya ugali. Kifungashio cha mteja anayebeba chakula kinaingia, kwa kuwa bila sahani ile kisingetumika.

Tuchukue sufuria ya pilau. Ina mchele kilo 4 kwa shilingi 3,000 kila kilo, ambazo ni 12,000. Ina nyama kilo 3 kwa shilingi 12,000 kila kilo, ambazo ni 36,000. Vitunguu, viazi, mafuta na viungo vinachukua 15,000 nyingine, hivyo sufuria nzima imegharimu shilingi 63,000. Mpishi anasema sufuria hiyo inatoa sahani 25, ambapo kila sahani inabeba shilingi 2,520, na ukiongeza kachumbari na ndizi mbivu za shilingi 480 unafika 3,000. Pilau inauzwa 6,000, kwa hiyo faida yake ghafi ni shilingi 3,000.

Swali la kuuliza ni kama sahani 25 ndizo zinazotoka kweli. Kaa jikoni siku tatu au nne, hesabu sahani zinazopakuliwa kutoka kwenye sufuria hiyo hadi iishe, na andika. Mpakuaji mwenye mkono mzito, au anayewaongezea wateja anaowafahamu, anaweza kutoa sahani 21 badala ya 25. Hapo chakula cha sufuriani kinagharimu 3,000 kwa sahani, na pamoja na kachumbari na ndizi ni 3,480, kwa hiyo faida ghafi imeshuka hadi 2,520 bila bei ya kitu chochote kupanda sokoni. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo inatosha kuihamisha pilau kutoka kundi moja hadi jingine. Dawa yake ni upawa mmoja wa kipimo kwa kila chakula na mizani ndogo ya jikoni kwa ajili ya nyama. Nyama ipimwe ikiwa mbichi, kwa sababu hupoteza uzito mkubwa inapochemshwa, na anayekadiria gharama kwa kutazama kipande kilichoiva huishusha gharama bila kujua.

Fanya hivyo kwa kila chakula, ukitumia bei ulizolipa sokoni mwezi huohuo. Samaki na viazi hupanda na kushuka haraka, na gharama iliyoandikwa miezi sita iliyopita haifai tena kwa uamuzi wa leo.

Hatua ya pili: hesabu sahani za mwezi mmoja wa kawaida

Chagua mwezi usio na jambo linalobadili ulaji wa mchana. Kwa mgahawa wa pwani hilo lina maana ya kuepuka Ramadhani, na pia wiki za sikukuu, kwa kuwa mauzo ya siku hizo hayasemi lolote kuhusu siku nyingine. Hesabu vyakula vikuu vinavyoshindana kwa tumbo lilelile tu. Soda, juisi, chai na vitafunwa vya asubuhi viwe na hesabu yao, kwa maana anayekunywa chai saa mbili hakuacha pilau ili anywe chai hiyo.

Kuna jambo moja la kuandika ambalo daftari la oda huwa halina, nalo ni saa ambayo chakula kimeisha. Ikiwa jiko linakaanga samaki tisa tu kila siku na wote wameisha saa saba mchana, daftari litaonyesha kwamba sato huuzwa kidogo, ilhali wateja waliokuja saa saba na nusu waliuliza wakaambiwa wamekwisha. Mhudumu aweke alama kwenye karatasi kila anapolazimika kutoa jibu hilo. Bila karatasi hiyo unaweza kukiondoa chakula ambacho tatizo lake lilikuwa kupikwa kidogo.

Hatua ya tatu: chora mistari miwili

Mgahawa wetu wa mfano uliuza sahani 2,000 kwa mwezi, zikigawanyika hivi:

| Chakula | Bei | Gharama | Faida ghafi | Sahani |
|---|---|---|---|---|
| Wali nyama | 5,000 | 2,900 | 2,100 | 400 |
| Pilau ya nyama | 6,000 | 3,000 | 3,000 | 380 |
| Wali maharage | 3,000 | 1,200 | 1,800 | 360 |
| Chipsi kuku | 7,000 | 4,600 | 2,400 | 300 |
| Ugali na sato | 10,000 | 6,200 | 3,800 | 210 |
| Biriani ya kuku | 9,000 | 4,800 | 4,200 | 150 |
| Ndizi nyama | 5,000 | 2,800 | 2,200 | 110 |
| Wali na kuku wa nazi | 8,000 | 4,800 | 3,200 | 90 |

Mstari wa kwanza ni wa mauzo. Vyakula vinane vikigawana wateja sawasawa, kila kimoja kingepata asilimia 12.5. Kwa kuwa si haki kudai kila chakula kifikie mgawo kamili, desturi ya njia hii ni kuchukua asilimia 70 ya mgawo huo, yaani asilimia 8.75, ambazo kwa sahani 2,000 ni sahani 175. Kilichouzwa 175 au zaidi kinahesabiwa kuwa kinapendwa.

Mstari wa pili ni wa faida. Zidisha faida ghafi ya kila chakula kwa idadi ya sahani zake, jumlisha zote, kisha gawanya kwa sahani zote. Hapa jumla ni shilingi 5,306,000, na wastani ni shilingi 2,653 kwa sahani. Usijumlishe zile faida nane za jedwali na kuzigawanya kwa nane, kwa sababu utakuwa umeipa biriani ya sahani 150 uzito sawa na wali nyama wa sahani 400. Anayetumia kompyuta anaweza kuweka bei kwenye safu ya B, gharama C, faida ghafi D na sahani E, kisha aandike:

```
=B2-C2
=SUMPRODUCT(D2:D9,E2:E9)/SUM(E2:E9)
=0.7*SUM(E2:E9)/COUNT(E2:E9)
```

Fomula ya kwanza ni ya faida ghafi ya kila mstari, ya pili ni ya wastani, na ya tatu ni ya kiwango cha mauzo.

Mistari hiyo miwili inatoa makundi manne. Pilau na ugali na sato ni nyota, kwa kuwa vinauzwa na vinaacha zaidi ya wastani. Wali nyama, wali maharage na chipsi kuku ni punda wa kazi: vinatoka sana, lakini kila sahani inaacha kidogo. Biriani na kuku wa nazi ni mafumbo, kwani faida yake ni kubwa ila wanunuzi ni wachache. Ndizi nyama iko chini ya mistari yote miwili, na ndiyo inayoitwa mzigo. Rudi sasa kwenye ile sufuria ya sahani 21. Pilau ikiacha 2,520, wastani wa mgahawa mzima unashuka hadi karibu 2,562, na pilau inaangukia chini yake. Upawa peke yake umeigeuza nyota kuwa punda.

Tazama pia sato na maharage. Kwa asilimia, wali maharage ndicho chakula bora kuliko vyote, maana gharama yake ni asilimia 40 ya bei, huku sato akila asilimia 62. Wapishi wengi waliosomea hoteli hufundishwa kuiogopa asilimia hiyo. Lakini mteja anayekula sato anaacha shilingi 3,800 na anayekula maharage anaacha 1,800, na kodi ya pango hulipwa kwa shilingi. Asilimia ya gharama inafaa kugundua wizi, upotevu au bei iliyopanda sokoni, ila haifai kuchagua chakula cha kukuza.

Hatua ya nne: chunguza kundi kabla ya kuliamini

Jedwali linaiita biriani fumbo kwa sababu iliuzwa sahani 150 tu, chini ya 175. Katika mgahawa huu, hata hivyo, biriani hupikwa Ijumaa peke yake. Ijumaa nne za mwezi huo ziliuza sahani 360 kwa jumla, na kati ya hizo 150 zilikuwa za biriani, ambazo ni kama asilimia 42. Siku inapokuwepo, hakuna chakula kinachoikaribia. Kuilinganisha na wali nyama unaopikwa siku zote ni kuionea, na tangazo lolote la kuitangaza siku ya Ijumaa lingekuwa fedha iliyopotea. Kwa hiyo chakula cha siku maalumu kipimwe dhidi ya mauzo ya siku hizo tu.

Hapo linakuja swali lenye manufaa zaidi: je, ipikwe siku ya pili, tuseme Jumatano? Jibu linategemea wanunuzi wake watatoka kwenye sahani ipi. Mteja anayehama kutoka wali nyama kwenda biriani anaongeza shilingi 2,100, lakini anayehama kutoka pilau anaongeza 1,200 tu. Zikiuzwa sahani 40, nusu kutoka kwa kila upande, faida inaongezeka kwa shilingi 66,000 kwa Jumatano moja. Sasa weka masalio. Kila sahani ya biriani isiyouzwa ni shilingi 4,800 zilizokwenda, na sahani kumi zikibaki zimekula 48,000 kati ya zile 66,000. Ningeanza na sufuria ndogo ya sahani 25 kwa Jumatano nne, nikiandika saa inayoisha, na kuongeza tu ikiwa inaisha mapema kila mara.

Hatua ya tano: amua chakula kwa chakula

Nyota huhitaji ulinzi kuliko mabadiliko. Pilau isipunguzwe nyama, isibadilishiwe mchele, na isikosekane. Karatasi ya vyakula vilivyoisha ikionyesha kwamba sato humalizika mapema siku nyingi, ongeza samaki wawili au watatu kwa siku kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Kwa punda, swali la kwanza ni bei. Wali nyama ukipanda kutoka 5,000 hadi 5,500, faida ghafi inakuwa 2,600. Sahani 400 za zamani zilileta 840,000, na kwa bei mpya sahani 324 zinatosha kufikia kiasi hicho. Maana yake unaweza kupoteza wateja 76 wa chakula hicho, wakaondoka kabisa, bila kupata hasara, na wakihamia pilau badala ya kuondoka utakuwa umepata zaidi. Andika nambari hiyo kabla ya kupandisha, ili mwisho wa mwezi ujue kama ulikosea. Angalia pia chenji: mahali ambapo kila mteja huleta noti, bei inayodai shilingi mia tano za kurudisha kwa kila meza huwachelewesha watu saa ya haraka.

Ikiwa jirani anauza wali nyama kwa 5,000 na bei haipandiki, tazama sahani zinaporudi jikoni. Wali ukirudi kwenye sahani nyingi, kipimo ni kikubwa kuliko hamu ya mteja. Kupunguza gramu 50 za mchele mkavu kwa sahani ni shilingi 150, na kwa sahani 400 ni 60,000 kwa mwezi. Nyama usiiguse, kwa sababu mteja huhesabu vipande na atalitambua pengo siku hiyohiyo.

Wali maharage ningeuacha ulivyo. Maharage makavu hayaozi ghalani, na chakula hicho ndicho kinachomruhusu mtu mwenye shilingi 3,000 kuja na wenzake watatu wanaokula pilau. Ukimwondolea chakula chake, kundi zima linaweza kwenda kula kwingine, na upotevu huo hautaonekana kwenye mstari wa maharage bali kwenye mstari wa pilau. Ila maharage hukaa motoni muda mrefu, na mkaa au gesi yake haimo katika ile 1,200. Anayelowesha usiku kucha hupunguza sana muda huo. Njia ya kuongeza kipato hapa ni nyongeza, kama yai la kukaanga au parachichi, inayoulizwa wakati wa kuchukua oda.

Kuku wa nazi ndiye fumbo la kweli. Kabla ya kushusha bei yake, jua kwa nini hachaguliwi: waulize wahudumu kama wateja humwulizia kisha wakasita kwenye bei, au hawamtaji kabisa. Anayesita ameona bei. Asiyemtaja huenda hajui kwamba yupo, na huyo hahitaji punguzo.

Kuhusu ndizi nyama, watu wengi hufuta mzigo bila kupiga hesabu ya pili. Sahani zake 110 zilileta shilingi 242,000, ambazo si kidogo. Tuseme imefutwa, na wateja 60 wamehamia pilau, 30 wamehamia maharage, na 20 hawarudi. Wa kwanza wameongeza 48,000, wa pili wamepunguza 12,000, na walioondoka wamechukua 44,000. Hesabu inaishia kwenye hasara ya 8,000. Kufuta kutafaa ikiwa kunaokoa kitu ambacho jedwali halikionyeshi, kwa mfano ndizi zinazoiva na kutupwa, ambazo zikifikia shilingi 15,000 kwa wiki zinakuwa 60,000 kwa mwezi. Hapo kufuta kunaacha 52,000. Fungua ndoo ya taka kwa wiki moja kabla ya kukata shauri, na kama ndizi hazitupwi, iache.

Hatua ya sita: badilisha namna menyu inavyosemwa

Ushauri mwingi kuhusu menyu hudhani mteja ameshika karatasi. Katika migahawa yetu mingi ya mchana menyu ni mdomo wa mhudumu. Mteja akiuliza kuna nini, hujibiwa haraka: "Kuna wali nyama, wali maharage, chipsi kuku, pilau." Mteja mwenye njaa huchukua moja kati ya vile alivyosikia mwanzo au mwisho, na kuku wa nazi, ambaye jina lake ni refu, huachwa nje. Kubaliana na wahudumu juu ya mpangilio mmoja unaoanza na pilau, ukifuatiwa na kuku wa nazi, na kuishia na sato. Punda hawahitaji kutajwa kwanza, kwa kuwa anayewataka atawaita kwa jina. Ubao wa mlangoni ufuate mpangilio huohuo. Na mhudumu aonje kuku wa nazi walau mara moja, ili akiulizwa akoje aweze kusema ana tui zito na hana pilipili, badala ya kujibu kwamba ni mzuri tu.

Hatua ya saba: pima tena, na usome nambari mbili pamoja

Badilisha jambo moja au mawili kwa mwezi, si yote kwa pamoja, la sivyo hutajua lipi lilifanya nini. Baada ya mwezi mwingine wa kawaida, rudia jedwali. Kumbuka kwamba wastani ni wastani, na daima kutakuwa na vyakula chini yake, hata katika menyu iliyo nzuri kabisa. Anayeondoa cha mwisho kila mwezi atajikuta na vyakula vitatu na viti vitupu. Kwa sababu hiyo wastani usisomwe peke yake. Ukipanda hadi 2,800 huku sahani zikishuka hadi 1,850, jumla ni shilingi 5,180,000, pungufu ya zile 5,306,000 za mwanzo kwa 126,000. Katika hali hiyo tafuta kwanza chakula ambacho bei yake ilipanda mwezi huo, linganisha sahani zake na kiwango ulichokiandika, na kama kimeshuka chini ya hapo, rudisha bei ya zamani wiki hiyohiyo.